Kilo za Kahawa kwenye Swali la Ndizi

Salwa aliisoma barua ya Mwalimu Melkiory akiwa amejibanza nyuma ya duka la mama yake, pale Omurushaka.

"Salwa, kwenye jaribio la hesabu swali lako lilihusu mikungu ya ndizi. Wewe umejibu kwa kilo za kahawa, kama Nolasco, jirani yako wa dawati, ambaye karatasi yake ilikuwa tofauti. Hukukokotoa, ulinakili. Sifuri yako inabaki. Kuanzia Jumatatu utakaa mbele, na kila hesabu utaonyesha njia. Ukikwama, andika umekwama wapi, nitakusaidia. Ukienda hivyo mwezi mzima, utarudi kwenye dawati lako. Mama yako mwambie mwenyewe. Ijumaa jioni nitampigia, na ningependa nimkute anajua. Imani yangu kwako imepungua, haijaisha."

Na Ijumaa yenyewe ndiyo hiyo, jua linazama. Salwa akaingia dukani.

"Shikamoo mama."

"Si umeshaniamkia asubuhi? Haya, umevunja nini?"

Salwa akasema yote, kahawa na ndizi zake. Mama yake akamkazia macho, kisha kicheko kikamponyoka.

"Hata kuibia hujui, mwanangu! Harusi ya kesho kule Bugene usahau. Utabaki na hesabu zako."

Simu ikaita.

"Mwalimu, ameshaniambia," mama akasema hata kabla ya salamu. Akasikiliza kidogo, akamkabidhi Salwa simu.

"Lile swali la ndizi," mwalimu akauliza, "ulikwama wapi?"

Salwa akajibu, "Mstari wa pili tu, mwalimu."

"Vizuri. Jumatatu tunaanzia hapo."