Zamu ya Bi Asia Jukwaani

Somoe alikuwa mtengeneza video wa Mikindani, na kazi ile aliipenda tangu siku alipopewa. Kongamano la wadau wa korosho lilikuwa linakuja Mtwara mjini, na waandaaji walitaka video ya kufungulia. Wengine wangeshona picha za mikorosho juu ya wimbo wowote, wakamaliza. Somoe alikwenda kijiji cha Ziwani kurekodi ngoma, akapanga picha zifuate mapigo yake. Ngoma ikianza taratibu, mikono inapalilia. Ikichanganya, korosho zinamwagwa juani. Ikifika kileleni inakatika ghafla, na katika ule ukimya inasikika sauti ya mama mtu mzima: "Shamba hili nimelilima mwenyewe. Leo nisikilizeni." Hapo skrini inazimika, taa zinawaka, na mwenye sauti anatokea jukwaani.

Mwenye sauti alikuwa Bi Asia, mkulima wa Ziwani, mjane, mkali wa maneno. Kwenye ratiba alikuwa amepewa nafasi ya kusema kwa niaba ya wakulima, na wenzake kijijini walikuwa wamekaa wakakubaliana aseme nini. Salfa ya kupulizia mikorosho ilikuwa imewafikia maua yamekwisha kukauka kwa ubwiri, ule ugonjwa wa ukungu mweupe. Walitaka jambo hilo lisemwe mbele ya wakubwa, basi.

Somoe aliwaandikia mafundi mwongozo ambao hata mgeni wa kazi angeufuata. Kila hatua ilikuwa na namba yake, na mbele ya namba kuna picha inayoonekana, mlio unaosikika, taa inayowaka, mtu anayeingia na mlango anaoingilia. Kushoto na kulia alivihesabu kwa jicho la aliyekaa ukumbini, akaliandika hilo juu kabisa, maana watu hukosea hapo. Yeye mwenyewe angekaa nyuma ya ukumbi na mafundi, hedifoni kichwani. Akisema "jiandae na nne", kila mtu anaweka kidole tayari. Akisema "nne, twende", wanabonyeza. Bila neno "twende" hakuna kinachoguswa.

Fredi alishika video na sauti, Veronika alishika taa. Kwa kuwa Bi Asia alikuwa na goti bovu na haikujulikana angetembea kwa mwendo gani, Somoe hakumfungia muda. Baada ya video alikata kipande cha ngoma kinachojirudia chenyewe bila mshono kusikika. Kingeendelea mpaka Bi Asia afike kwenye kipaza sauti, kisha Somoe angetoa neno, na Fredi angeachia pigo la mwisho.

Walifanya mazoezi asubuhi ya siku yenyewe, ukumbi ukiwa mtupu. Bi Asia alisimama nyuma ya pazia la kushoto na kanga zake mpya.

"Nitajuaje kama zamu yangu imefika?" aliuliza.

"Utajisikia mwenyewe unaongea, Bi Asia. Ukimaliza tu kusema 'nisikilizeni', toka. Usimngoje mtu."

Alitoka mara tatu, na mara zote tatu taa ilimkuta.

Watu walikuwa wamekwisha kuanza kukaa vitini Mathayo, mratibu wa kongamano, alipomfuata Somoe pale nyuma. Alieleza kwa upole kwamba mgeni rasmi hapendi kukaa gizani kutazama video. Anataka kuingia baada yake, kwa ngoma ile ile. Na kwa itifaki, mgeni rasmi akishaingia, hakuna anayeingia tena kwa shangwe. Kwa hiyo hatua ya nne, ile ya Bi Asia, iwe ya mgeni, kwa mlango mkubwa wa nyuma. Somoe alimuuliza Bi Asia atasema saa ngapi. Mathayo alijibu kwamba ratiba imebana, na mama yule amekwisha kuonekana kwenye video, tena vizuri sana.

"Basi niitoe sauti yake mwishoni," Somoe alisema. "Haiwezekani aseme nisikilizeni, halafu aingie mtu mwingine."

"Dada Somoe, usiguse video sasa hivi, itatuharibikia. Wewe badilisha mwongozo tu."

Hapo alisema kweli. Kuikata upya na kuitoa tena kungechukua muda ambao hawakuwa nao. Lakini kuubadilisha mwongozo kulikuwa rahisi mno. Mlango mmoja, taa moja, jina moja. Hata kipande kile cha kujirudia, kilichowekwa kwa ajili ya goti la Bi Asia, kilimfaa mgeni wa kutembea polepole akipungia watu. Somoe alisahihisha kwa kalamu kwenye nakala zote. Alimwomba Mathayo amfahamishe Bi Asia mwenyewe. Mathayo akamtuma dada wa mapokezi, na dada yule akaitwa njiani kwenda kupokea magari.

Video ilikwenda kama ilivyopangwa. Pigo na picha, pigo na picha. Ngoma ikakatika. Sauti ya Bi Asia ikajaa ukumbini: "Leo nisikilizeni."

"Nne, twende," alisema Somoe.

Mlango mkubwa ukafunguka, taa ikamdaka mgeni rasmi, watu wakainuka wakipiga makofi. Ndipo Somoe alipoona pazia la kushoto likisogea. Bi Asia alikuwa ametoka, kama alivyofundishwa. Alitembea gizani, akichechemea kidogo, huku watu wote wamempa kisogo.

"Kuna mama jukwaani," Veronika alisema kwenye hedifoni. "Nimpe taa?"

Veronika alikuwa na taa nyingine mkononi, tayari. Lilihitajika neno moja tu. Somoe alimwona Mathayo amesimama karibu na ngazi, akimtazama moja kwa moja.

"Hapana," alisema. "Baki na mgeni."

Mgeni rasmi alipanda jukwaani akamkuta Bi Asia mbele ya kipaza sauti. Alidhani amewekwa pale kumlaki. Akamshika mikono miwili, akatabasamu, wapiga picha wakakimbilia mbele. Kisha kijana wa itifaki akamshika Bi Asia kiwiko, akamrudisha nyuma ya pazia. Somoe akatoa neno, Fredi akaachia pigo la mwisho. Liliangukia mahali pake kabisa.

Baadaye, watu wakila, Somoe alimkuta Bi Asia kwenye ngazi za nje, akamwamkia. Bi Asia aliitikia.

"Nimekosea wapi, mwanangu?"

"Hukukosea, Bi Asia. Walibadilisha."

"Nani aliyebadilisha?"

Somoe angeweza kumtaja Mathayo. Lakini kalamu ilikuwa yake na neno lilikuwa lake. "Mimi ndiye niliyekuwa nikisema nani apewe taa," alijibu.

Bi Asia akasema: "Basi niondolee sauti yangu kwenye video hiyo."

Video ilikuwa imekwisha kusambaa kwenye simu za watu, na picha ya kupeana mikono pamoja nayo. Somoe alimwambia hivyo. Bi Asia akajifunga kanga vizuri, akaondoka.

Wiki iliyofuata Somoe alikwenda Ziwani kuomba radhi. Majirani walimkaribisha kwa adabu, wakampa muhogo wa kuchemsha. Mmoja wao alisema walimwona mwenzao kwenye simu, kapendeza, kashikwa mikono na mkubwa, na neno la salfa halikumtoka. Sasa wapo wanaosema alipewa kitu. Somoe akawaeleza yote, hatua kwa hatua, mpaka taa. Walimsikiliza. Mwishowe yule jirani akasema pengine ni kweli, lakini yeye aliona kwa macho yake Bi Asia akiwa mbele ya kipaza sauti, kanyamaza.

Bi Asia alikuwa shambani. Walimtuma mtu kumwita, naye akarudi na jibu kwamba ana palizi. Somoe alingoja mpaka muhogo ukapoa. Akiwa bado amekaa pale, Mathayo alimpigia simu: kuna mkutano mwingine, na wanataka ufunguzi kama ule ule. Somoe alimsikiliza mpaka mwisho, akamuuliza tarehe.