Nakala kwa Meneja

Jibu la Fundi liliingia kwenye barua pepe wakati Mratibu wa mafunzo akimenya chungwa mezani kwake, na hamu ya chungwa ikamwisha hapohapo.

"Kwa kuwa umeona mimi nimeshindwa kazi mpaka uniitie Meneja, mafunzo hayo mtafute mwingine wa kuyafanya. Mimi nimejitoa."

Alikuwa amewajibu wote. Meneja wa ufundi ameona, Sista wa wodi ya watoto njiti ameona, na bila shaka kufikia saa ya chai hospitali nzima ingekuwa imeona.

Mashine mpya za kusaidia watoto kupumua zilikuwa bado zimefungwa kwenye maboksi, zimepangwa ukutani nje ya wodi. Hakuna muuguzi aliyeruhusiwa kuigusa hata moja kabla ya kufundishwa, na wa kufundisha alikuwa mmoja tu, Fundi huyohuyo. Yeye ndiye aliyepelekwa kuzisomea. Kazi ya Mratibu ilikuwa ndogo kuitaja: kupata siku ambayo Fundi ana nafasi na wauguzi wanaweza kupokezana zamu. Alikuwa ameandika mara mbili akajibiwa "nitaangalia." Mara ya tatu akaandika maneno yaleyale, akaongeza jina la Meneja kwenye nakala, akatuma.

Hakuwa na nia mbaya. Huko alikotoka kabla ya kuajiriwa hapa, bosi aliwekwa kwenye nakala kwa heshima tu, kama mtu anayewekewa kiti. Hapa ilikuwa tofauti, na hakuna aliyemwambia. Hapa jina la bosi likionekana kwenye nakala, maana yake umeshtakiwa. Fundi mwenzake na huyu alihamishiwa stoo mwaka uliopita baada ya barua ya namna hiyo, na watu wa karakana hawakusahau.

Sista alimpigia simu kwanza. "Dada, mmeshikana mashati kwenye barua na mimi nina watoto wanapuliziwa hewa kwa mikono. Malizaneni."

"Nimeona, Sista. Nalishughulikia."

"Lishughulikie upesi. Wasichana wangu wamechoka viganja."

Mratibu alifungua ukurasa mpya akaanza kuandika kwa hasira. Tarehe ya barua ya kwanza, tarehe ya barua ya pili, na juu kabisa akaweka jina la Mkurugenzi. Kama ni kushtaki, basi ashtaki kweli. Kidole kilikuwa karibu kabisa na kutuma simu ilipolia tena.

Alikuwa katibu muhtasi wa Meneja, anayefungua barua zote za bosi wake, mama mmoja mwenye sauti ya taratibu ambaye Mratibu alimfahamu kwa salamu tu.

"Mwanangu, hujambo? Umeshamjibu yule?"

"Ndiyo naandika, mama."

"Umemweka nani juu?"

Mratibu akalitazama jina la Mkurugenzi.

"Mtoe," katibu akasema, bila ukali. "Sikiliza. Bosi wangu tarehe hazijui. Siku za mafundi nazipanga mimi, kalenda ya karakana naishika mimi. Fundi hata angetaka kukujibu asingeweza, kila siku yake lazima ipitie kwangu. Ungeniweka mimi kwenye nakala, ukasema kwa nini, yangekwisha. Bosi unamweka pale ambapo kuna jambo la kuamuliwa na yeye peke yake. Siku ya mafunzo siyo jambo hilo."

"Sikujua."

"Ningekuona unajua ningekupigia? Nenda kwake. Usimwandikie, nenda. Na usiende na ile sauti ya ofisini."

Karakana ilikuwa chini, nyuma ya chumba cha kufulia mashuka. Fundi alikuwa ameinamia pampu iliyofunguliwa tumbo, miwani juu ya paji la uso. Hakuinua kichwa.

"Leo umekuja na Meneja au uko peke yako?"

"Niko peke yangu, kaka."

"Angalia vizuri nyuma yako. Nyie hamtembei bila shahidi."

Vijana wawili waliokuwa wakipima nyaya wakacheka, kisha wakatafuta shughuli upande wa pili.

"Nimekosea," Mratibu akasema. "Nilimweka Meneja nikidhani yeye ndiye anayepanga siku zako. Sikuandika sababu. Ningeiandika ungeniona mjinga, lakini usingeniona mchongezi."

"Mjinga nakuona hata sasa."

"Sawa."

"Miaka yangu yote hapa sijawahi kuitiwa mtu. Mke wangu amesikia kutoka kwa jirani, unajua hilo? Nimeulizwa na mke wangu nimefanya nini."

Mratibu alisogea karibu na meza. Alivuta kigoda, akaweka kompyuta yake kwenye kona ya meza isiyo na grisi. "Barua nyingine naiandika hapahapa, mbele yako. Lisilokupendeza nalifuta."

Fundi alifuta mikono kwa kitambaa, polepole, kama mtu anayetaka asubiriwe. Akashusha miwani.

Mratibu akaandika: "Ndugu Fundi, naomba siku moja ya kufundisha wauguzi wiki ijayo. Nimemweka katibu muhtasi kwenye nakala kwa sababu ndiye anayeshika kalenda ya karakana na anaweza kutuambia siku iliyo wazi. Kuchelewa kwa tarehe si kosa la Fundi."

"Hiyo ya mwisho toa."

"Inakutetea."

"Nani amekuomba utetezi? Ukiwaambia sina kosa, watauliza kosa lipi. Toa."

Akaitoa. Kweli barua ilisimama vizuri zaidi bila hiyo.

"Na Meneja umempeleka wapi?"

"Nimemtoa."

"Umemtoa kimya kimya? Kesho atasema tunamficha." Akagonga kioo kwa ukucha, akaacha alama nyeusi. "Mwambie unamtoa, na kwa nini. Mtu haondolewi mezani kama sahani."

Mratibu akaongeza: "Meneja, nakutoa kwenye barua zinazofuata kwa kuwa tarehe tutaipanga na katibu wako. Ikishathibitishwa nitakujulisha."

"Na ile nakala ya siri? Nyie mna ya siri."

Akamgeuzia kompyuta. Fundi akainama mpaka pua ikakaribia kioo, akaona mahali pa nakala ya siri ni patupu. Akarudi kwenye pampu yake.

"Tuma. Na usikae hapo, unaniziba mwanga."

Hapakuwa na samahani wala chai. Mratibu alituma, akafunga kompyuta, akapanda ngazi na doa la grisi kwenye mkono wa shati. Hajafika mezani, jibu la katibu lilikuwa limeingia: Jumanne asubuhi, karakana imeachiwa watu wawili, Fundi yuko huru. Chini yake Fundi akajibu neno moja, "Nipo."

Siku ya Jumanne Fundi alifika kabla ya wauguzi. Alimpita Mratibu mlangoni bila salamu, akamsalimia Sista, akamsalimia mfagizi, akaanza kufungua maboksi. Alifundisha vizuri sana. Kila muuguzi aliyekosea alimrudisha mwanzo bila kumkaripia. Kengele ya mashine ilipolia kwa ukali, mama mmoja aliyekuwa akimnyonyesha mwanawe karibu na dirisha alishtuka, na Fundi akaenda kuipunguza sauti kabla ya kuendelea na somo.

Mratibu aliyaona yote hayo akiwa ameegemea mlango. Sista akamletea kiti. Aliweka tu kiti na kurudi kwa wasichana wake, maana mashine ya kwanza ilikuwa tayari inasukumwa kuelekea kitandani.