PCM kwa Ajili ya Shemeji

Mimi ni fundi redio na TV hapa Bariadi mwaka wa kumi na nne sasa. Uongo wa kawaida wa kazi nimeusema kama mafundi wote: njoo kesho, spea iko njiani kutoka Mwanza. Huu mmoja ulikuwa tofauti, kwa sababu niliusema kwa nia njema, na ndio ulioniumbua.

Mzee Faki ana banda la video nyuma ya soko. Kwa miaka alikuwa na TV na spika mbili, na kilichojaza mabenchi yake kilikuwa shemeji yangu Doto. Doto hukaa kando ya TV na kipaza sauti kilichounganishwa kwenye spika yake ndogo, anageuza filamu za Kizungu kuwa Kiswahili, na mambo yakipamba moto anahamia Kisukuma bila kumwomba mtu ruhusa. Wazee walikuwa wanatoka Kasoli Jumapili kumsikiliza. Wengine walikuwa hawaangalii hata picha.

Basi mavuno ya pamba yalipokuwa mazuri na banda likajaa, Mzee Faki akaenda Mwanza akarudi na risiva, ile amplifaya yenye akili, pamoja na spika tano na sabufa. Akaniita.

"Fundi Ngassa, nataka bunduki ikilia nyuma, mtu ageuke," akasema. "Ikikubali, Doto nampumzisha. Watu watakuja kusikia mtambo, sio makelele yake."

Nikamwangalia nikidhani anatania. Hakuwa anatania. Mkewe Rehana alikuwa anapanga soda kwenye friji, na yeye pia akaniangalia.

Doto amemuoa dada yangu Milembe. Wana watoto watatu, shamba lao halifiki hata eka moja, na kazi ya Doto ni mdomo wake. Nilifunga spika mbili mbele kushoto na kulia, moja katikati chini ya TV, mbili nyuma ya mabenchi, nikavuta waya wa mwanga, ule unaopitisha sauti kwa taa badala ya umeme, kutoka kwenye TV hadi kwenye risiva. Kisha nikafungua menyu ya sauti, nikakutana na maneno mawili: PCM na Bitstream.

Ukitaka kujua ubaya wangu, lazima ujue maneno haya. Filamu zile zilizokuwa kwenye flashi ya Mzee Faki zilikuja na sauti zimefungwa pamoja kama furushi: za pembeni, za nyuma, za mtikisiko wa sabufa, na ya katikati ambayo mara nyingi ndiyo ya watu wanaoongea. Ukichagua Bitstream, TV inapitisha furushi likiwa limefungwa, na risiva inalifungua na kuipa kila spika sauti yake. Ukichagua PCM, TV inalifungua yenyewe, na kwa kuwa waya ule hauwezi kubeba sauti iliyofunguliwa zaidi ya njia mbili, inazikoroga zote kuwa kushoto na kulia tu.

TV ilikuwa imetoka dukani na PCM. Nikaiacha hapo hapo.

"Mzee, TV yako haina uwezo wa kutoa sauti ya nyuma," nikasema. "Risiva ni nzima. TV ndiyo ya zamani."

Alikuwa ameinunua miezi minane tu kabla, badala ya ile yake ya zamani. Mzee Faki aliinamisha kichwa, nikamwonea huruma kidogo, kisha nikajipongeza njia nzima hadi nyumbani. Nilikuwa nimeokoa nyumba ya dada yangu kwa kutobonyeza kitufe.

Nilichosahau ni kwamba mtu aliyenunua spika tano hakubali kusikia mbili kwa upole. Mzee Faki alipandisha sauti hadi mabati yakatetemeka. Waigizaji, ngoma, magari na bunduki vyote vilitoka mahali pamoja, na Doto akawa anashindana navyo kwa koo lake, filamu tatu kwa siku. Alipojaribu kuongeza sauti ya spika yake, ikawa inapiga mluzi. Wiki ya tatu alikuja dukani kwangu, akanisalimia "Mwadila, shemeji," na sikusikia, niliona midomo tu ikicheza.

"Milembe ananichemshia tangawizi," akanong'ona. "Hamna njia ya kutenganisha zile sauti? Wazungu wapungue, mimi nisikike?"

Njia ilikuwepo. Nikamwambia avumilie.

Jumapili iliyofuata nilienda bandani baada ya ibada. Doto alikuwa ameketi benchi la mbele na watazamaji, mikono mapajani, bila kipaza sauti.

"Leo apumzike tu," Mzee Faki akasema. "Rehana amesoma kile kitabu cha TV. Amebadilisha neno moja tu kwenye menyu."

Hakunitazama usoni. Rehana alinitazama sana.

Filamu ikaanza, kioo cha risiva kikaandika Dolby Digital, yaani furushi limeifikia likiwa limefungwa, na bunduki ikalia nyuma ya mabenchi. Mzee Mboje wa Kasoli aligeuka kwa kasi hadi kofia ikamtoka. Watu wakacheka, wakapiga makofi. Helikopta ikapita juu ya vichwa vyao kutoka nyuma kwenda mbele. Nilitamani ardhi ipasuke.

Dakika ya kumi bunduki zikanyamaza, mwanamume na mwanamke wakaanza kuongea. Waliongea muda mrefu, na spika ya katikati ilitoa kila neno safi kabisa, na hakuna aliyeelewa hata moja.

"Anasema nini huyo mama?" Mzee Mboje akauliza.

Akamgeukia Doto.

"Doto, anasema nini?"

Doto akafungua mdomo, ikatoka hewa. Watu wawili wakasimama, wakaenda nje. Kisha wanne. Mzee Faki alikuwa anafuta jasho katikati ya banda la kisasa kuliko yote Bariadi.

Rehana akashika rimoti. "Wanaoongea wanatoka hii ya katikati," akasema. "Nikiiambia risiva kwamba spika hiyo haipo, si watanyamaza?"

"Hapana, mama," nikasema kabla sijafikiri. "Ukiiambia haipo, itawahamishia kwenye za pembeni. Ichomoe waya tu. Iache idhani ipo."

Banda zima likanigeukia. Fundi aliyesema TV haina uwezo alikuwa anajua mengi ghafla.

Nikachomoa waya mwenyewe. Wazungu wakaendelea kutikisa midomo bila sauti ya maana. Upepo ukavuma nyuma, muziki ukabaki pembeni. Rehana akaweka spika ndogo ya Doto juu ya ile ya katikati, akampa kipaza sauti. Doto alinong'ona, na ule mnong'ono ukafika hadi benchi la mwisho: "Anamwambia, mume wangu, wewe si ulisema unakwenda kuuza ng'ombe?" Waliotoka wakarudi mbio.

Mzee Faki alinunua spika tano ili mojawapo izimwe, na sasa anasema ndivyo alivyopanga tangu Mwanza. Mtambo anauendesha Doto. Akiharibikiwa na waya anamwita Rehana.

Jioni ile Doto alinisubiri mlangoni.

"Zile wiki tatu ulikuwa unajua?"

"Nilifanya kwa ajili yako, shemeji. Mzee alitaka kukuondoa."

"Nilikuja kwako sauti imekwisha. Nikakuuliza."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona mbele ya mteja yeyote. Akaniambia nisiguse tena kitu chochote kinachomhusu. Hakupaza sauti, hakuwa nayo ya kupaza, na nilisikia kila neno.