Mzee Kilo na Mizani Mbili

Mkaguzi wa mizani aliyeitwa Mzee Kilo na soko zima alikuwa na imani moja tu isiyotikisika: mizani haina ndugu. Mtu atakudanganya, hata jicho lako mwenyewe litakudanganya, lakini mizani iliyokaguliwa, ikabandikwa alama, hiyo huisemi kitu. Kwa imani hiyo alikuwa amewatoa jasho wauza nyanya, wauza misumari na wanunuzi wa viazi kwa miaka mingi. Na kwa imani hiyohiyo, asubuhi ile kabla chai haijapoa, alimtukana mama mkwe wake.

Hakumtaja, hapana. Mtu mwenye adabu hamtaji mama mkwe. Alimwambia mke wake, kwa sauti ya mtu anayezungumza na aliyeko ng'ambo ya mto, huku mama mkwe amekaa hatua chache tu kutoka pale akifuma sweta la mjukuu.

"Mke wangu, humu ndani kuna mtu anakula data kwa mwiko!"

Alikuwa na ushahidi. Kampuni ya simu ilikuwa imemtumia ujumbe kwamba katika bando lake la mwezi la GB 10 zimebaki 2.1. Lakini simu yake, kwenye ule ukurasa unaoonyesha matumizi ya data, ilisema ametumia 3.2 tu. Kumi toa tatu nukta mbili, hata mtoto wa chekechea anajua hazibaki mbili. Na nani mwingine alikuwa akiunganishwa kwenye hotspoti ya simu ile siku hizi jioni ili atazame video za kufuma? Alikuwa na maelezo tayari: hotspoti hupitia mlango wa nyuma, simu haioni.

"Au kampuni imeiba," alisema mke wake.

"Au kampuni imeiba," Mzee Kilo alikubali, "lakini kampuni haikai sebuleni kwangu."

Sindano za kufumia zikasimama. Mama mkwe akaviringisha uzi wake polepole, akamwambia binti yake bila kumtazama mkwe: "Mwanangu, niletee mkoba wangu. Gari la alasiri litanifaa. Nisije nikawamalizia watu vitu vyao."

Maji yakimwagika hayazoleki, lakini Mzee Kilo angalau alijaribu kuyakanyaga yasienee. Alisema hakuwa na maana hiyo. Mke wake akamfuata mpaka mlangoni, na pale akamwambia kwa sauti ya chini, ile ambayo waume wote wanaiogopa kuliko makelele.

"Baba watoto, nisikilize. Mama akipanda gari lile, nami nitabeba mkoba wa pili. Nenda dukani kwao hao watu wa simu ukajue ukweli kabla ya alasiri."

Njia nzima Mzee Kilo aliomba kampuni iwe mwizi. Aliomba kwa moyo wote. Kampuni ikiwa mwizi, mama hana kosa, na yeye mwenyewe kosa lake litakuwa dogo, la kusingizia kidogo tu kwa sababu ya hasira ya kuibiwa. Angerudi nyumbani kama shujaa, aseme "nimewakamata," na mkoba ufunguliwe.

Duka la kampuni lilikuwa na madirisha matatu na foleni moja iliyonuna. Mzee Kilo alifika dirishani amevaa kitambulisho chake cha kazi shingoni, kwa makusudi. Dada wa dirisha, msichana mwenye uso wa mtu aliyekwisha kuitwa mwizi mara nyingi tangu asubuhi, alikitazama na kupiga mwayo kwa adabu.

"Karibu mzee. Bando limeibwa?"

"Umejuaje?"

"Leo yote yameibwa. Naomba namba yako."

Mzee Kilo akaweka simu juu ya meza. "Mimi ni mkaguzi wa mizani. Kila mwamba ngoma huvutia kwake, najua, na mizani yenu inavuta kwenu. Hii yangu haina upande. Tazama: nimeipangia ianze kuhesabu tangu tarehe tano, siku ileile niliyonunua bando. Sikuiacha ihesabu tangu tarehe moja kama wafanyavyo wajinga."

"Hapo umefanya vizuri sana," dada alisema, akaonekana kushangaa kidogo, maana wengi hawakumbuki. "Tofauti ndogo huwa zipo, mzee. Sisi tunahesabu kwenye mtandao, simu inahesabu kivyake. Kuna vinavyorudiwa kutumwa mtandao ukiwa dhaifu, kuna namna za kukokotoa GB moja, na ujumbe wetu wenyewe unaweza kuchelewa kidogo. Lakini tofauti ya namna hiyo ni chumvi tu. Yako ni gunia."

"Gunia! Ndiyo nasema!"

"Kuna mtu anatumia hotspoti yako?"

Mzee Kilo akashusha sauti. "Mama mkwe wangu."

Dada akaivuta simu, akashuka chini kwenye orodha ya vilivyokula data, akaigeuza imtazame mwenyewe. "Kinachopita kwenye simu yako, simu inakiona, hata kikienda kwa mwingine. Hotspoti hii hapa. Ni MB 210. Huyo mama anakula kama ndege. Sasa mtazame huyu wa juu kabisa, programu ya video. GB mbili na nusu. Huyo ni nani?"

Mzee Kilo alimjua huyo. Huyo alikuwa yeye mwenyewe, kitandani, akitazama wazee wa nchi za mbali wakifufua mizani kuukuu zilizoshika kutu. Kulikuwa na video moja ya mizani ya shaba iliyokuwa imelala kisimani ambayo aliitazama mpaka machozi yakamtoka. Aliona haya, lakini hakusalimu amri.

"Hata hivyo ni 3.2! Zilizobaki ziko wapi? Dada yangu, nikuambie kitu. Juzi nimemkamata mnunuzi wa viazi. Unajua alivyokuwa akiwaibia wakulima? Mkulima anamwaga nusu ya viazi juu ya mizani. Jamaa anajifanya anafuta vumbi, kumbe anabonyeza sifuri. Kisha mkulima anamalizia nusu ya pili. Mizani inasoma nusu ya pili peke yake! Mizani yenyewe nzima, haina kasoro, ila imerudishwa sifuri na mzigo uko juu yake. Nilimbandika karatasi nyekundu palepale. Sasa ninyi—"

"Mzee," dada alimkatiza, macho kwenye kompyuta, "hii laini mwezi huu imekaa kwenye simu mbili. Ilitoka kwenye hii, ikakaa kwenye nyingine karibu wiki, ikarudi."

"Ndiyo, hii ilianguka kwenye ndoo. Nikampelekea fundi, laini nikaiweka kwenye simu yangu ya zamani. Fundi alipomaliza akaniambia ilikuwa imegoma kuwaka, ikabidi afute kila kitu, aianzishe upya kama..."

Sentensi ile haikumaliziwa. Mkono wake ulikuwa bado hewani, kidole kimenyooka, kikionyesha namna mnunuzi wa viazi alivyobonyeza sifuri.

Foleni nyuma yake ikakohoa.

Tarehe tano aliyoiandika mwenyewe kwenye simu ilikuwa tarehe tu. Simu isingeweza kukumbuka yaliyotumika kabla ya fundi kuifuta. Nusu ya viazi ilikuwa imeshamwagwa, sifuri ikabonyezwa, naye akasoma nusu ya pili kwa kujiamini, akaenda kumtukana mama wa watu nayo.

"Kwa hiyo," alisema hatimaye, kwa sauti iliyopungua uzito, "niiamini ipi?"

"Ukitaka kujua zimebaki ngapi na utakatiwa lini, amini salio la kwetu, maana sisi ndio tunaokata. Ukitaka kujua nani amekula, uliza simu. Ila uziulize simu zote mbili."

Simu ya zamani ilikuwa kwenye droo ya meza yake ofisini. Aliichaji kwa dakika chache zilizokuwa ndefu kuliko kikao cha bajeti. Ikawaka, akafungua matumizi: GB 4.3 katika wiki ile moja. Hotspoti: haikugawa hata tone, maana wiki ile haikuwashwa. Video: nyingi mno. Jumlisha na 3.2, ongeza za siku chache kabla ya ndoo na ile chumvi aliyoitaja dada, kampuni inatoka safi kabisa. Mgala muue na haki yake umpe. Na mama mkwe alitoka msafi kuliko kampuni.

Alikimbia nyumbani. Watu wa soko, ambao hawakuwahi kumwona Mzee Kilo akikimbia, walianza kuficha mizani zao.

Mkoba ulikuwa mlangoni. Mama mkwe alikuwa amevaa viatu vya safari na kukaa kando yake, mke wake amesimama nyuma na kitambaa kichwani, tayari kutoka. Mzee Kilo alipiga magoti palepale kizingitini, akainamisha macho kama inavyotakiwa mbele ya mkwe, akaeleza yote: ndoo, fundi, viazi, hata mizani ya shaba kisimani. Kisha akatoa mfukoni karatasi nyekundu ya kazini, ile yenye gundi iliyoandikwa IMEKATALIWA, akaiweka juu ya simu.

"Mama, naibandika mbele yako. Simu hii haitanidanganya tena."

Mama mkwe aliitazama simu.

"Baba," alisema, na ilikuwa mara ya kwanza siku ile kumsemesha moja kwa moja, "simu imekudanganya nini? Ilipewa nusu, ikapima nusu. Usiionee bure." Akamgeukia binti yake. "Mwanangu, mimi ni mkwe, siwezi kumgusa mumeo. Hebu ichukue hiyo karatasi umbandikie yeye."

Mke wake aliichukua. Hakusita hata kidogo. Aliibandika kifuani, juu kidogo ya kitambulisho, akaipiga makofi mawili ishike vizuri, na katika kofi la pili Mzee Kilo akasikia kicheko kikijizuia. Akajua amesamehewa, akatamani kulia.

"Sasa rudisha mkoba ndani," mama mkwe alisema akivua viatu. "Polepole, ni mzito. Nimefungasha kila kitu."

Mzee Kilo akaunyanyua. Mkono wake ulikuwa umepima vitu maisha yake yote, na ukisha kushika haukosei kwa zaidi ya robo kilo. Mkoba ule haukufika kilo moja. Ndani yake hamkuwa na nguo wala viatu wala chochote cha msafiri. Pengine uzi, na sindano mbili.

Alifungua kinywa kutangaza kipimo. Akaiona ile nyekundu kifuani pake, akakifunga.

"Kweli, mama," alisema, akijikunja kama mchukuzi wa magunia. "Mzito sana."