Alama za Kuuliza za Tangazo la Macho

Kila kazi ikiisha, Mjomba alikuwa na swali lake moja tu. "Umeziangalia moja moja?" Mpwa wake, binti aliyefanya naye kazi, akisema ndiyo, imetoka hiyo. Mjomba hafungui tena. Anaweka jina lake chini kama mhakiki, kazi inaondoka.

Ofisi yao ya tafsiri ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la viatu. Mashine ilitafsiri, wao wakasafisha. Kiarabu na Kiajemi ndivyo vilivyowatoa jasho. Maneno yenyewe yalitoka vizuri, kulia kwenda kushoto kama inavyotakiwa, ila mashine iliyachomekea mikato ya Kizungu, ile ya mkia chini, wakati mkato wa huko mkia wake unatazama juu, hivi: ، Na alama ya kuuliza ilitoka imewapa watu mgongo, badala ya kugeuka hivi: ؟

"Ni kama mtu aliyevaa viatu kushoto kulia," Mjomba alipenda kusema. "Kufika atafika, lakini njia nzima watu wanamwangalia miguu."

Siku hiyo kulikuwa na tangazo la kliniki ya macho, matibabu ya bure, kwa wasomaji wa Kiajemi. Bosi, ambaye wao wawili walimwita Bi Haraka akiwa hayupo, alichungulia mlangoni.

"Jamani, hivyo vimikia bado tu? Mnavinyoa?"

"Tunavisuka, bosi," Mjomba akajibu bila kuinua kichwa.

Binti alicheka, lakini njaa ilikuwa inamuuma na macho yameshachoka. Akabonyeza amri ya badilisha zote. Mikato yote, alama za kuuliza zote, kufumba na kufumbua. Ukurasa ukapendeza, ungesema umepigwa pasi.

Kufundishwa alifundishwa. Kwanza unazificha linki, ndipo unabadilisha, kisha unapitia kwa macho. Kwa sababu ndani ya anwani ya mtandao ile alama haiulizi mtu kitu. Iko pale kutenganisha ukurasa na maelezo yanayoufuata. Ukiigeuza, kompyuta haiijui tena. Yote hayo aliyajua. Na linki ya kujiandikisha ilikuwa pale chini kabisa, na alama yake katikati.

"Umeziangalia moja moja?"

"Moja moja, Mjomba."

"Ahsante, mama." Akaweka jina lake.

Tangazo likatumwa kwenye simu za watu. Siku chache baadaye, mama mmoja mwenye miwani mizito alipanda ngazi akishikilia ukuta. Kliniki ilikuwa imemwelekeza kwao. Alimnyooshea Mjomba simu, akaongea Kiajemi taratibu. Binti hakuelewa yote. Alielewa kidole tu, kinachobonyeza mahali pamoja, tena na tena.

Mjomba aliivuta simu karibu na pua. Akaitazama linki. Alama ya katikati ilikuwa imegeuzwa.

"Anasema alidhani kosa ni macho yake," akasema. "Kwamba anabonyeza pembeni."

Wakapiga simu kliniki. Nafasi zilikuwa zimejaa. Waliosoma tangazo kwa lugha nyingine walishajiandikisha. Mama yule aliwekwa akiba, asubiri atakayekosa kufika. Alishukuru, akashuka ngazi vile vile, mkono ukutani.

Bi Haraka alipoingia, safari hii hakuwa na mzaha. "Nani kafanya hii kazi?"

"Jina langu hilo hapo," Mjomba akasema.

"Wewe? Miaka yote hii?"

"Mimi."

Bosi alishageuka kuondoka ndipo sauti ikamtoka binti, nyembamba kama uzi. "Ni mimi. Nilibadilisha zote kwa mpigo. Halafu nikamdanganya."

Bosi aligomba, akatulia. Linki ikarekebishwa, tangazo likatumwa upya kwa ajili ya orodha ya akiba. Hakuna aliyefukuzwa. Mjomba hakumgombeza hata neno moja, na binti angelipa chochote agombezwe.

Kesho yake alipewa kazi ya Kiarabu. Alificha linki zote. Alibadilisha, akapitia mstari kwa mstari, hata tarakimu kama 1,000 aliziangalia, mikato yake isije ikawa imegeuzwa. Alipomaliza akasogeza kiti, akasubiri.

"Nimemaliza, Mjomba."

"Haya, mama. Nitumie."

Akamtumia. Bado akasubiri lile swali, jibu lake likiwa tayari mdomoni, na safari hii lilikuwa la kweli. Mjomba alivaa miwani, akafungua kazi kuanzia juu kabisa, kwenye mkato wa kwanza, akaanza kuziangalia moja moja mwenyewe.