Bolti za Oda Namba 49

"Bolti sabini na nane!" Mzee Wandera, mwenye karakana, alipiga meza ya stoo kwa kiganja, kadi zikaruka. "Nanjala, zimekwenda wapi?"

Jumatano hiyo asubuhi karakana yote ya Malaba ilinyamaza kusikiliza. Hata msumeno ulisimama katikati ya ubao wa mvule. Nanjala, karani wa stoo kwa miezi mitatu tu, na mwanamke wa kwanza kuaminiwa funguo zile, alihisi uso unawaka. Ndiyo, aliogopa. Kazi hii ndiyo iliyokuwa ikimsomesha mdogo wake kule Sigalame.

Mambo yalianza mteja mmoja, Kariuki, alipoingiza lori lake jipya, likiwa kichwa na chesi tupu, bila sehemu ya kubebea mizigo. Alitaka bodi ya mbao ifikapo Jumamosi, maana Jumatatu angeanza kubeba pamba Busia. Bodi moja ya saizi ile hula bolti mia moja ishirini na nne za nusu inchi. Kadi ya stoo ilisema zimebaki sitini na nne. Za kutoka Kisumu zingefika kwa treni Jumatatu.

"Kama hamna, mniambie sasa," alisema Kariuki, mguu mmoja tayari kwenye ngazi ya lori. "Tororo si mbali. Huko kuna fundi ananingoja."

Hapo ndipo Mzee Wandera alipokokotoa. Lori tatu za saizi ileile zimetoka: oda namba 47, 49 na 50. Kila moja ilitolewa bolti mia moja na hamsini, boksi tatu nzima. Kila moja ilihitaji mia moja ishirini na nne. Ziko wapi ishirini na sita za kila oda?

"Wewe ndiye unashika funguo," alisema. "Mpaka saa nane nataka jibu. La sivyo uniachie hizo funguo hapa mezani."

Nanjala alifungua faili. Hati za kutoa vitu zilikuwepo zote, na namba za oda na sahihi ya fundi mkuu, Ikapel. Alihesabu rafuni: sitini na nne kamili, sawasawa na kadi. Basi kilichotoka kilitoka kwa haki. Akageuza upande wa hati za kurudisha. Hakukuwa na hata moja. Miezi mitatu, lori tatu, na hakuna mtu aliyerudisha hata msumari! Basi zilizobaki bado ziko kwa mafundi!

Alimfuata Ikapel nyuma ya karakana, mahali ambapo wengine hawangesikia.

"Mzee wangu, bolti zikibaki, wewe hufanya nini?"

Ikapel, mtu wa Kocholia mwenye mikono mipana na aibu nyingi, alitazama randa yake. "Dada, mimi ni fundi miaka ishirini. Ule mtu alikuwa stoo mbele yako, ukimrudishia kitu anapiga kelele karakana yote isikie: 'Njooni muone fundi hajui kuhesabu!' Vijana wanakucheka mpaka jioni. Sasa nani atarudisha?"

"Kwa hivyo?"

Akainama, akavuta kisanduku chini ya meza yake ya kazi, akafunua gunia. Bolti ziling'aa kwa mafuta. "Sikuiba. Ni akiba ya kazi."

Nanjala karibu apige kigelegele. Alitaka kumkumbatia na kumgombeza kwa pamoja! Wakahesabu, kumi kumi, juu ya gunia. Sabini. Wakarudia. Sabini tena.

Na Mzee Wandera alikuwa amesimama nyuma yao kitambo.

"Sitini na nne, sabini: mia moja thelathini na nne," alisema, macho yakimtoka kwa furaha. "Zinatosha na kubaki! Ikapel, anza kufunga! Mambo ya karatasi baadaye."

"Hapana, Mzee," alisema Nanjala, na yeye mwenyewe akashangaa sauti yake. "Zikiingia kwenye oda ya Kariuki hivihivi, vitabu vitasema zimo kwenye zile lori tatu za zamani, na lori la Kariuki litaonekana limefungwa kwa upepo. Zirudi stoo kwanza, kila moja kwa namba ya oda iliyoichukua. Halafu zitoke upya."

"Na zile nane?" Furaha ya mzee ilizimika. "Sabini na nane toa sabini. Nane nani amekula?"

Ikapel alikuna kichwa. Ghafla akapiga goti lake. "Lori ya Onyango! Namba 49! Alirudi akasema tumwekee kibebeo cha gurudumu la akiba chini. Nilikiweka."

"Uliandika kwenye kadi ya oda?"

"Dada, kulikuwa na mvua..."

Ilikuwa saa saba na nusu. Maneno ya mtu anayetetea kisanduku chake yasingemtosha Mzee Wandera, na yasingemtosha Nanjala pia. Asingeandika kitu ambacho hajakiona. Lori la Onyango lilikuwa stesheni, likipakia ngozi. Nanjala alifunga leso kiunoni akakimbia. Akina mama wa ndizi walimpisha wakimshangilia bila kujua sababu, na mmoja akauliza kama anakimbilia bwana wa Kampala.

Injini ilikuwa imeshawashwa. "Ngoja!" alipiga kelele. "Onyango, zima!"

"Boss, mimi niko na haraka!"

"Dakika moja!" Akajitupa chini ya lori na gauni lake la kazi, bila kujali matope. Kibebeo kile pale. Moja, mbili, tatu... Nane. Bolti nane za nusu inchi, zimekazwa vizuri. Alicheka peke yake huko chini mpaka Onyango akainama kuona kama ameumia.

Saa nane kasoro dakika tano alikuwa stoo, tope mpaka kwenye nyusi. Kwanza aliandika kibebeo kwenye kadi ya oda 49, Ikapel akatia sahihi. Kisha hati tatu za kurudisha: ishirini na sita kutoka 47, kumi na nane kutoka 49, ishirini na sita kutoka 50. Kadi ya rafu ikapanda mpaka mia moja thelathini na nne. Mzee Wandera alihesabu rafuni kwa kidole chake mwenyewe, akapata hizohizo, akamsukumia funguo alizokuwa ameziacha mezani alipokimbilia stesheni.

"Sasa, oda 52, ya Kariuki," alisema Nanjala. "Fundi, unataka ngapi?"

"Mia moja thelathini. Zingine zinaweza kuharibika."

Zilitoka mia moja thelathini. Kadi ikabaki na nne.

Jumamosi mchana bodi ilikuwa imekamilika, rangi ya kijani bado mbichi, na Kariuki akilizunguka lori lake akipiga mbao kwa furaha. Hapo Ikapel alipita katikati ya karakana, mbele ya vijana wote, ameshika bolti sita mikononi. Msumeno ulisimama tena. Kijana mmoja alianza kucheka. Nanjala alimtazama, naye akapata kazi ya kufanya.

"Narudisha," alisema Ikapel kwa sauti, akaziweka kwenye dirisha la stoo. "Nzima tano. Hii moja meno yake yameliwa. Usiichanganye na wenzake."

"Haichanganyiki." Nanjala aliandika tano zirudi rafuni. Ile mbovu aliiandika imeharibikia oda 52, akaitupa kwenye debe la vyuma chakavu. Kadi: tisa. Rafu: tisa.

Kisha akasimama, akajaza mapafu, na kupiga kelele karakana yote isikie:

"Njooni muone fundi anayejua kuhesabu!"