Mbili na Mbili

Shuleni kwetu Junda mtihani wa majaribio husahihishwa kwa pamoja: kila mwalimu wa hesabu hushika swali lake na kulifuata katika karatasi zote, mpaka ufike wakati hata majina hatuyasomi tena. Mimi nilishika swali la tisa kwa sababu nililitunga mwenyewe. Lilikuwa la logi, jepesi kwa Kidato cha Nne, na nililiweka ili wale wasichana wanaoogopa hesabu nao waondoke na alama tatu wakale nyumbani.

Tatua: log (3x + 10) = 2.

Logi ya nini huwa mbili? Ya mia moja, maana mia ni kumi kwa kipeo cha pili. Basi kilichomo ndani ya mabano ni mia. Ondoa kumi, gawanya kwa tatu, x ni thelathini. Mistari mitatu, alama tatu.

Karatasi ya tano ikanipa x = 3⅓. Nikaipiga mkasi wa kalamu nyekundu nikaendelea. Ya nane ikanipa 3⅓. Ya kumi na mbili pia. Nilipomaliza, nilikuwa na karatasi saba zenye jibu hilo hilo la ajabu, kutoka madarasa mawili tofauti, na kazi zao zilifanana kama sahani za seti moja: log 3x + log 10 = 2; logi ya kumi ni moja; kwa hiyo log 3x = 1; kwa hiyo 3x = 10.

Kosa lenyewe halikunishangaza. Mtoto akishafundishwa kuwa 5(x + 2) ni 5x + 10, kila anachokikuta mbele ya mabano hukigawa ndani kama mama anavyogawa pilau. Lakini logi haigawiki hivyo. Logi ya kuzidisha ndiyo hugeuka kuwa jumla ya logi mbili. Logi ya kujumlisha haigeuki kitu, inabaki ilivyo. Nimelisema hilo darasani mpaka koo limekauka, na kila mwaka huwa kuna wawili watatu wasiosikia. Lakini si saba kwa mpigo, na si wa kwanza darasani akiwamo.

Huyo wa kwanza ni Johari. Nilipogeuza karatasi nikaona jina lake, nilikasirika kama niliyetukanwa.

Bwana Fidel, naibu mwalimu mkuu, alikuwa akipita nyuma ya meza akazichungulia zile karatasi saba nilizozitenga. Yeye ni mwalimu wa Jiografia, mtu wa bara, mchapa kazi, na tangu aje kwetu anaamini kwamba watu wa pwani tunalea mno.

"Saba zinafanana," alisema. "Mpaka hiyo theluthi."

"Ni kosa moja, limerudiwa."

"Wako vyumba viwili tofauti, madam. Hawakuchunguliana. Basi karatasi ilitoka kabla ya mtihani, wakakaa nayo wakaifanya pamoja." Akalisoma jina la juu. "Na huyu ndiye anayekubebea vitabu mpaka ofisini."

Nikamwambia mwizi huiba jibu la kweli, sijapata kuona aliyeiba la uongo. Akasema aliiba swali, jibu akalitunga. Hoja yake ilikuwa na miguu miwili, siwezi kukataa. Na shuleni kwetu adhabu ya kuvujisha mtihani haina mjadala: mwanafunzi anaondolewa. Johari alikuwa amebakisha muhula mmoja amalize.

Akaitwa. Alisimama mlangoni akiwa ameshika ncha ya mtandio wake.

"Shikamooni."

Bwana Fidel hakuitikia. Akamwonyesha karatasi na kumwuliza aliliona wapi swali la tisa kabla ya mtihani.

"Wallahi sijaliona, bwana."

"Usiape. Wenzako sita wana kazi yako neno kwa neno."

Johari akanitazama. Nilimjua tangu Kidato cha Kwanza, na nilitamani sana kumtetea, lakini matamanio si ushahidi. Madrasani tulipokuwa wadogo, ustadhi wetu alikuwa hapokei neno mpaka ajue limepokewa kwa nani, na huyo naye kalipokea kwa nani, mpaka lifike lilikoanzia. Nikaona hiyo ndiyo njia. Nikamwambia Johari akae, kisha nikawaita wale sita, mmoja mmoja, na kila mmoja nikamwuliza maneno yale yale: hili la kuitenganisha logi umelipokea kwa nani, wapi, na kwa mfano gani?

Hawakuwa na nafasi ya kupanga. Lakini wote sita walisema mamoja. Wamelipokea kwa Johari, kwenye mkeka wa chumba cha kusalia, baada ya adhuhuri, anapowafundisha siku zote kabla kengele ya mchana haijalia. Na mfano ulikuwa mbili na mbili.

"Mbili na mbili ndiyo nini?" Bwana Fidel aliuliza kila mara, na kila mara akajibiwa kwamba ndivyo Johari alivyohakikisha.

Wa mwisho alikuwa Nusaiba, binti wa muuza vitunguu wa Kongowea. Huyu hesabu imemtesa miaka minne. Hakosi darasani, hakosi mkekani, na hapati. Aliposikia Johari anashukiwa wizi alianza kulia pale pale akasema, "Mwalimu, Johari hawezi. Yeye ndiye anayetusomesha sote, na halipwi hata peremende." Nikamtoa nje akangoje.

"Basi tumpe Johari swali jipya," nilimwambia Bwana Fidel. "Ukimwona anakosa vile vile kwenye swali ambalo hata mimi sikuwa nalo asubuhi, utajua hakuiba karatasi. Utajua anaamini."

Alifikiri kidogo, kisha akakubali. Hapo nampa haki yake. Akachagua namba yeye mwenyewe ili nisije nikamtegea: mbili, na mia moja, na tatu. Nikaandika ubaoni log (2x + 100) = 3.

Johari hakusita hata kidogo. Alifanya kama anavyofanya siku zote, mgongo umenyooka, chaki haiinuki. Log 2x + log 100 = 3. Logi ya mia ni mbili. Log 2x = 1. 2x = 10. x = 5. Akapiga mstari chini ya jibu, akageuka, akatungoja tumwambie amepata.

"Amepata?" Bwana Fidel aliniuliza.

"Hajapata. Ni mia nne na hamsini."

Uso wa Johari ulibadilika. Si woga, alikuwa na uso wa mtu anayeona mwalimu wake amekosea naye hajui atamwambiaje. "Samahani mwalimu. Lakini hii kanuni n'liijaribu kabla ya kuwaambia wenzangu. Sikuwaambia hivi hivi tu."

"Uliijaribu vipi?"

Akaandika: log (2 + 2) ni log 4, ambayo ni 0.6021. Log 2 ni 0.3010, na nyingine 0.3010. Ukijumlisha ni 0.6020. "Hiyo moja ya mwisho ni ya kukata tarakimu," alisema. "Kwenye kalkuleta zaja sawa kabisa."

Kweli zaja sawa, kwa sababu mbili ukiijumlisha na mbili unapata nne, na ukiizidisha kwa mbili unapata nne ile ile. Binti huyu alifanya nililowafundisha: usiamini kanuni mpaka uijaribu. Aliijaribu. Kati ya namba zote alizoumba Mungu, akaokota jozi inayomfichia kosa lake. Moyo uliniuma, na nasema hivyo waziwazi, maana kuna makosa ya uvivu na hili halikuwa mojawapo.

"Jaribu tatu na tatu," nikamwambia, nikampa kalkuleta yangu.

Akabonyeza. Logi ya sita: 0.7782. Akabonyeza logi ya tatu, akaijumlisha na nyingine: 0.9542. Akafuta, akabonyeza upya. Akaigeuza kalkuleta akaangalia mgongoni, pengine betri. Akajaribu nne na tano, kisha saba na moja. Hakuna iliyokubali. Bwana Fidel alikuwa akimtazama muda wote huo, na hatimaye akazikusanya zile karatasi saba na kunirudishia.

"Hakuna kesi hapa," alisema. Kisha akamgeukia Johari, sauti ikiwa chini kuliko nilivyowahi kuisikia. "Samahani. Nenda darasani."

Johari hakwenda. Alisema, "Wote sita wamekosa kwa sababu yangu?"

Ningeweza kumdanganya. Hesabu haina desturi hiyo. "Ndiyo," nikamwambia. "Wote sita."

Akaomba kuziona karatasi. Nikampa, maana ni yeye atakayewafundisha upya na alistahili kujua alipowaacha. Akazipitia moja moja, sifuri kwa sifuri, mpaka akafika kwa Nusaiba. Hapo akasimama.

Kulikuwa na kazi mbili katika karatasi ya Nusaiba. Ya juu imefutwa kwa mstari wa rula, uzuri kabisa: 3x + 10 = 100, 3x = 90, x = 30. Chini yake, kwa mwandiko wa haraka, ilikuwa kanuni ya Johari na theluthi yake.

"Mwalimu, hii haipati hata moja?"

"Mwongozo ndio huo. Kazi iliyofutwa na kuwekwa nyingine haisahihishwi."

"Hata kama ndiyo yenyewe?"

"Hata kama ndiyo yenyewe."

Akairudisha mezani. "Afadhali ningekuwa mwizi," alisema. "Mwizi angewapa jibu."

Nilimfuata mpaka barazani. Sikutaka aende peke yake. Nusaiba alikuwa bado pale, macho mekundu, ameegemea nguzo. Alipomwona mwenzake alimrukia.

"Wamekuachilia? Alhamdulillahi. N'liwaambia mimi, n'liwaambia."

"Nusaiba, ile kanuni yangu si kweli."

"Ipi?"

"Ya logi. Nimewakosesha nyote." Johari akamshika mkono. "Na wewe ulikuwa umepata. Ile ya juu, uliyoifuta. Thelathini. Ilikuwa sawa yote."

Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa kilio au lawama, na moyoni niliona anayo haki ya vyote viwili. Nusaiba alimwachia Johari mkono. Akanigeukia mimi, kwa sababu mimi ndiye mwenye kalamu nyekundu.

"Kweli, mwalimu? Ilikuwa sawa?"

"Ilikuwa sawa."

"Na sikumwuliza mtu," alisema polepole. "Johari hakunionyesha ile. N'liitoa kichwani." Uso ulianza kumfunguka, alama zake tatu zilizopotea hazikumpitia hata akilini. "N'lipata peke yangu?"

Nikamwambia ndiyo, peke yako. Akacheka, akamtikisa Johari mabega ili naye acheke, na Johari, aliyekwisha kusafishwa jina mbele ya naibu mzima, akajifunika uso kwa mtandio akalia.